Jinsi ya kuuandika upya ujumbe wa radhi unaojitetea: mwongozo kamili kwa mwenye duka

Wenye maduka wengi wananitumia ujumbe walioandikia mteja na kuniuliza: "Nimeomba radhi, mbona amekasirika zaidi?" Nikiusoma naikuta samahani mwanzoni, halafu chini yake sentensi saba za kujitetea. Mteja hujibu zile saba.

Mwongozo huu unachukua ujumbe mmoja wa aina hiyo na kuujenga upya hatua kwa hatua. Mfano ni wa duka la vitenge, kwa sababu sare za sherehe ndizo zinazoleta ugomvi mwingi. Ukiuza simu, vigae au keki, hatua ni zilezile.

## Kisa tutakachokifanyia kazi

Mama mmoja wa Morogoro ameagiza pisi 20 za kitenge cha damu ya mzee kutoka duka la Kariakoo. Ni sare ya kina mama wa kikundi chake kwa ajili ya send-ofu ya Jumamosi. Alichagua kwa picha aliyotumiwa WhatsApp, akalipa 400,000 kwa simu, yaani 20,000 kwa pisi.

Mzigo umefika kwa basi Jumatatu jioni. Fundi ameanza kukata usiku chini ya taa. Asubuhi ya Jumanne, vitenge vilipotolewa nje kwenye mwanga wa jua, ikaonekana 12 ni damu ya mzee na 8 ni vyekundu vinavyong'aa. Kati ya hivyo 8, viwili vimeshakatwa.

Mama akatuma picha na maneno makali. Mwenye duka akajibu mchana huohuo hivi:

> Habari mpendwa mteja. Tumepokea malalamiko yako. Kwanza tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza na kama umekwazika. Ila naomba uelewe kwamba rangi ya kwenye picha na uhalisia huwa zinatofautiana kidogo kutokana na mwanga na aina ya simu. Pia kijana aliyefunga mzigo ni mgeni na siku ile duka lilikuwa na watu wengi. Fundi wako naye alitakiwa akague kabla ya kukata. Tumehudumia wateja wengi na hatujawahi kupata malalamiko kama haya. Kama ilivyo kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, lakini kwa kuwa wewe ni mteja wetu tutaangalia namna ya kukusaidia. Tunaomba uwe mvumilivu. Asante kwa kuendelea kutuamini.

Mama hakujibu. Saa moja baadaye picha za vitenge pamoja na ujumbe huo zilikuwa kwenye magrupu ya kina mama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

Usianze na maneno. Kusanya hivi kwanza:

- Mazungumzo yote na mteja, tangu siku alipoulizia bei, na hasa picha uliyomtumia na ulichomwahidi.
- Kumbukumbu ya malipo: kiasi, tarehe, na jina lililotokea kwenye muamala.
- Maelezo ya aliyefunga mzigo. Muulize taratibu, faraghani, bila kumtisha. Ukimfokea atakupa jibu la kujiokoa, nawe utaliandika kwenye ujumbe wako kama ukweli.
- Bidhaa yenyewe: kipande cha ile sahihi, na ulichobaki nacho stoo.
- Kiasi cha pesa unachoweza kutoa leo. Ukiahidi pesa ambayo huna utakuwa umeongeza kosa la pili.
- Ujumbe wa kwanza ulioandika, kama ulivyo. Utaupasua katika hatua ya kwanza.

Nusu saa inatosha kukusanya vyote. Ikiwa mteja anasubiri, mwandikie mstari mmoja tu: "Nimeona picha, mama. Naangalia kilichotokea hapa dukani, nitakupigia kabla ya saa 10." Halafu piga kabla ya saa 10.

## Hatua ya 1: Ipe kila sentensi kazi yake

Chukua ujumbe wa zamani na kalamu. Mbele ya kila sentensi andika neno moja kati ya haya: kosa, hasara, malipo, utetezi, pambo.

Kosa ni sentensi inayosema ulichofanya. Hasara ni inayosema mteja amepoteza nini. Malipo ni utakachofanya. Utetezi ni kila kinachokupunguzia lawama, hata kama ni kweli. Pambo ni maneno yanayoweza kuwekwa kwenye ujumbe wowote wa duka lolote.

Fanya hivyo kwa ujumbe wetu. "Tumepokea malalamiko yako" ni pambo. Picha na uhalisia, utetezi. Kijana mgeni na watu wengi, utetezi. Fundi, utetezi, tena wenye lawama ndani yake. Wateja wengine hawajalalamika, utetezi. Risiti, utetezi. "Tutaangalia namna ya kukusaidia" inataka kuitwa malipo, lakini haina kitu, tarehe wala kiasi, kwa hiyo ni pambo. Uvumilivu, pambo. Asante, pambo.

Inabaki sentensi ya radhi. Itazame vizuri. "Usumbufu uliojitokeza" ni usumbufu usio na aliyeuleta. Umejitokeza wenyewe kama mvua. "Kama umekwazika" inatia shaka iwapo mama amekwazika, wakati ameshasema hivyo kwa maneno makali na picha nne. Hiyo nayo ni utetezi.

Utajua umefaulu ukiona kwa macho yako kwamba hakuna hata sentensi moja yenye alama ya kosa, hasara au malipo. Wengi huishia hapa wakisema, "Kumbe sikuomba radhi kabisa."

## Hatua ya 2: Tafuta nani alifanya nini

Hii ndiyo hatua inayouma, na ndiyo wengi wanayoiruka. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, sentensi yenye mtendaji na kitendo: *nani* alifanya *nini*, *lini*.

Katika kisa chetu, mwenye duka alipomuuliza kijana taratibu, jibu lilikuwa hili: pisi za damu ya mzee ziliisha kwenye ya 12. Kijana akampigia bosi wake na kumuuliza afanye nini. Bosi, akiwa njiani na haraka, akamwambia, "Weka zile zinazokaribiana, hazina tofauti."

Kwa hiyo kijana hakukosea. Picha haikudanganya. Aliyeamua ni mwenye duka, na aliamua bila kumuuliza aliyelipa. Sentensi ya kosa sasa inaandikika:

> Pisi ziliniishia kwenye ya 12. Nikamwambia kijana aweke 8 za rangi inayokaribiana, bila kukupigia kukuuliza.

Tazama vitenzi: *ziliniishia*, *nikamwambia*, *bila kukupigia*. Mwandishi yumo katika kila kimoja. Hakuna "kulitokea changamoto", hakuna "shetani alipita", hakuna "bahati mbaya". Kuishiwa mzigo si kosa. Duka lolote huishiwa. Kosa ni kunyamaza. Ukiomba radhi kwa kuishiwa mzigo bila kutaja kunyamaza kwako, umeomba radhi kwa kitu ambacho mteja hakulalamikia.

Tahadhari. Hata kama kijana ndiye aliyekosea kweli, mteja hakununua kwa kijana. Alinunua dukani kwako. Andika "tulifunga vibaya, na sikukagua". Yatakayozungumzwa na kijana yabaki baina yenu. Mteja akisikia umemtupia mfanyakazi, anaelewa kwamba kesho unaweza kumtupia na yeye, na katika ujumbe wetu fundi wake ameshatupiwa.

Utajua umefaulu ukimsomea kijana sentensi hiyo naye akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

## Hatua ya 3: Hesabu hasara kwa upande wa mteja

Mwenye duka akiulizwa mama amepoteza nini, hujibu kwa bei: pisi 8 mara 20,000, yaani 160,000. Ni kweli, lakini ni sehemu ndogo.

Jiulize pesa ilitoka wapi. Mama huyu hakununua kwa pesa yake peke yake. Alichangisha. Kina mama 20 walimpa kila mmoja 20,000 mkononi au kwa simu, na jina lake ndilo lililo kwenye daftari la michango. Sasa wanane hawana sare na sherehe imebaki siku nne. Watamuuliza yeye. Wengine watajiuliza kama amenunua cha bei rahisi akabaki na chenji. Yeye ndiye anayekutana nao kisimani, kanisani, kwenye vikoba.

Hiyo ndiyo sababu maneno yake yalikuwa makali kuliko bei ya vitenge vinane. Na ndiyo sababu kumwambia "rangi hutofautiana kidogo" kulimuumiza mara mbili: ilikuwa kama kumwambia kwamba aibu anayoiona haipo.

Andika hasara hiyo kwa sentensi moja au mbili, bila kuikuza:

> Najua wewe ndiye uliyechangisha kina mama, na sasa wanane hawana sare na wanakuuliza wewe. Nimekuweka mahali pabaya mbele yao.

Tahadhari. Usiandike "najua unavyojisikia". Hujui. Taja mambo yaliyotokea, hisia zake mwachie mwenyewe. Wala usijidhalilishe kupita kiasi, kwa maneno kama "mimi ni mtu mbaya sana, sistahili hata kuitwa mfanyabiashara". Maneno hayo yanamlazimisha mteja kukubembeleza wewe, wakati yeye ndiye aliyeumia.

Utajua umefaulu ikiwa sentensi hiyo haiwezi kutumiwa kwa mteja mwingine yeyote. Ikimfaa kila mtu, bado ni pambo.

## Hatua ya 4: Ondoa "ila" na uamue maelezo gani yabaki

Sasa futa kila *ila*, *lakini*, *hata hivyo* na *kama* inayofuata neno la radhi. Mtu akisikia "naomba radhi, ila", masikio yake yanasubiri kinachokuja baada ya *ila*, na hicho ndicho anachokikumbuka. Ukikuta *kama umekwazika*, andika ulichomkwaza nacho.

Maelezo si haramu. Kuna swali moja la kuyachuja: *mteja akijua hili, litamsaidia kuamua afanye nini?* Kwamba pisi ziliisha kwenye ya 12 linamsaidia, kwa sababu anajua 12 alizonazo ni sahihi na hahitaji kuzikagua upya. Kwamba duka lilikuwa na watu wengi halimsaidii chochote. La kwanza linabaki kwa maneno machache, la pili linatoka.

Na lile la picha na mwanga? Ni kweli kabisa kwamba simu hubadilisha rangi. Lakini hapa si kilichotokea. Kutumia jambo la kweli kufunika jambo jingine la kweli ni uongo, na mteja mwenye pisi 12 na pisi 8 mezani anaona wazi kwamba zote ziliagizwa kwa picha moja.

Utajua umefaulu ukisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi neno la radhi, na sauti yako isipande popote kama ya mtu anayebishana.

## Hatua ya 5: Andika malipo yenye kiasi, siku na mlipaji

Roy Lewicki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha mwaka 2016 utafiti uliopima vipengele sita vya kuomba radhi. Kilichowagusa watu zaidi kilikuwa kukiri kwamba kosa ni lako. Cha pili kilikuwa kuahidi kurekebisha. Cha mwisho kabisa, chenye uzito mdogo kuliko vyote, kilikuwa kuomba usamehewe. Angalia ujumbe wetu wa zamani: hauna vile viwili vya juu.

Kabla ya kuahidi, tafuta. Mwenye duka wa kisa chetu alichukua kipande cha kitenge sahihi akazunguka kwa majirani anaonunua nao mzigo. Kwenye ukingo wa kitenge huchapwa jina la kiwanda au aina, na mara nyingi namba ya muundo. Alilinganisha namba hiyo, kisha akatoa vyote viwili nje ya duka, kwenye jua, akavikunja pamoja ukingo kwa ukingo. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu muundo mmoja unaweza kutoka kwa rangi kadhaa, na hata rangi moja inaweza kuachana kidogo kati ya mzigo na mzigo. Alipata pisi 8 kwa 23,000 kila moja.

Hesabu yake ikawa hivi. Pisi 8 ni 184,000. Nauli ya kuzituma kwa basi 10,000. Kazi ya fundi kwa zile mbili zilizokatwa 10,000. Nauli ya kurudisha sita ambazo hazijakatwa 10,000. Jumla 214,000. Zile sita zikirudi atauza kwa 120,000. Kosa limemgharimu 94,000. Inauma, lakini anajua kiasi, na anaweza kukiahidi bila kutetemeka.

Kila ahadi iwe na mambo matatu: nini, lini, kwa pesa ya nani. "Tutaangalia" haina hata moja.

Jambo linalosahaulika ni ya kutolea. Ukimrudishia mteja 10,000 kamili kwa simu, akienda kutoa kwa wakala anakatwa. Atapata pungufu ya alichopoteza, na atakumbuka. Ongeza makato juu yake na useme umeongeza.

Tahadhari kuhusu ule mstari wa risiti. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haukulindi hapa. Tanzania na Kenya zote zina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na zote zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo au kwa sampuli ilingane na maelezo au sampuli hiyo. Ukimwonyesha mtu damu ya mzee ukamtumia nyekundu, yeye ndiye mwenye haki. Ukimtajia risiti, halafu ukamsaidia "kwa kuwa wewe ni mteja wetu", unafanya haki yake ionekane hisani yako. Ondoa mstari huo wote.

Utajua umefaulu ikiwa mtu mwingine, tuseme mke wako au mshirika wako, anaweza kusoma ahadi hiyo na kuitekeleza bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 6: Panga na uandike

Mpangilio ni huu: salamu, kosa, hasara, radhi, malipo, uamuzi wa mteja. Radhi haitangulii, kwa sababu mteja anataka kwanza kusikia kama unajua unaombea nini.

Salimia kama ungemsalimia ana kwa ana. Huyu ni mama wa makamo, mwenye duka ni kijana wa miaka thelathini na kitu. "Habari mpendwa mteja" ni salamu ya tangazo. Anastahili *shikamoo*. Mteja wa rika lako mwite *dada* au *kaka* kama ulivyokuwa ukimwita siku ya kuuza. Ukibadilika ghafla ukawa rasmi ataona umeshaanza kumkwepa. Tumia *mimi* pale ulipoamua mwenyewe, na "uongozi wa duka" uuache, hasa duka likiwa na watu wawili.

Kwa kuwa ujumbe wa kwanza ulishatumwa, sasa kuna makosa mawili: vitenge, na ule ujumbe. Yote mawili yaombewe radhi. Huu ndio mpya:

> Shikamoo mama. Ni mimi mwenye duka la vitenge Kariakoo, naandika mwenyewe.
>
> Uliagiza pisi 20 za damu ya mzee. Pisi ziliniishia kwenye ya 12, nikamwambia kijana aweke 8 za rangi inayokaribiana, bila kukupigia kukuuliza. Ni kosa langu. Si la kijana, wala si la fundi wako.
>
> Najua wewe ndiye uliyechangisha kina mama, na sasa wanane hawana sare na wanakuuliza wewe. Nimekuweka mahali pabaya mbele yao. Ujumbe niliokutumia mchana nao haukuwa wa haki. Nilimlaumu fundi wako na kukutajia risiti wakati mwenye haki ni wewe. Naomba radhi kwa yote mawili.
>
> Nimepata pisi 8 za damu ya mzee ileile. Nimezilinganisha juani na kipande cha kitenge kilekile cha zile 12, picha nakutumia sasa hivi. Zinapanda basi la saa 1 kesho Jumatano asubuhi, zitakuwa Morogoro kabla ya saa 7 mchana. Nauli nalipa mimi. Nakutumia pia leo 10,000 ya fundi kwa zile mbili alizokata, pamoja na ya kutolea. Hizo mbili zibaki kwako. Zile sita utazirudisha baada ya sherehe, kwa nauli yangu.
>
> Kama hutaki tena vitenge kutoka kwangu, niambie tu: nitakurudishia 160,000 leo hii pamoja na ya kutolea, na ya fundi nitaituma vilevile. Uamuzi ni wako, mama. Ukitaka kuwaonyesha kina mama ujumbe huu, waonyeshe.

Mstari wa mwisho una kazi kubwa. Mama anahitaji ushahidi mbele ya kikundi chake kwamba hakula pesa ya mtu. Ukimpa ruhusa hiyo, ujumbe wako unakuwa utetezi wake yeye.

Ona pia kisichokuwamo. Hakuna "naomba unisamehe". Kusamehe ni kwake, kwa wakati wake. Hakuna "asante kwa kuendelea kutuamini", kwa sababu huaminiki bado. Hakuna punguzo la mzigo ujao. Mtu uliyemuudhi leo hataki kuambiwa anunue tena.

Upime ujumbe mpya kama katika hatua ya kwanza: ipe kila sentensi kazi yake. Kosa lipo, hasara ipo, malipo yapo. Utetezi hakuna.

## Hatua ya 7: Tuma kwa namna inayofaa

Piga simu kwanza. Sema kosa na radhi kwa sentensi tatu, msikilize hadi amalize, kisha mwambie, "Nakuandikia niliyoyasema ili uwe nayo." Asipopokea, andika moja kwa moja, usimpigie mara kumi.

Pesa, tarehe na saa ziwe kwenye maandishi. Ujumbe wa sauti unafaa kusikika utu wako, lakini hakuna anayerudia kusikiliza dakika tatu ili apate saa ya basi, na hauonyesheki kirahisi kwa kamati.

Usifute ujumbe wa mchana. WhatsApp huacha alama kwamba kitu kimefutwa, na pengine mteja ameshaupiga picha. Kuufuta kunaonekana kama kuficha ushahidi, wakati umeshaukana waziwazi.

Usijibu kwenye magrupu ulikosambazwa kabla hujamaliza na mama mwenyewe. Na usiweke vijembe kwenye status, hata vya jumla kama "binadamu hawana shukrani". Atavisoma, na radhi yote itakuwa imekufa.

Ile 10,000 ya fundi itume kabla hajakujibu. Ndicho kitu kimoja katika ujumbe kisichohitaji uamuzi wake, na kinafika simuni mwake dakika ileile anaposoma.

Utajua umefaulu hata kama hasemi asante. Dalili ni kwamba maswali yake yanahama kutoka kwenye kosa kwenda kwenye mpango: "Basi gani?" "Nimtume nani stendi?" Akiendelea kufoka lakini akauliza basi gani, imefanya kazi. Akikaa kimya hadi usiku, mwandikie mara moja tu: "Mama, nisipokusikia, asubuhi nitazipakia ili fundi asichelewe. Ukitaka pesa badala yake nitakurudishia hata zikiwa zimefika." Kesho yake mtumie picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya konda, kabla hajakuuliza.

## Kosa likiwa nusu lako

Hapa ndipo watu wananiuliza sana: "Na kama kweli fundi alitakiwa kukagua?" Katika kisa chetu haijalishi, kwa sababu asingekuwa na cha kukagua kama mzigo ungekuwa sahihi. Lakini kuna visa ambavyo mteja ana sehemu yake. Tuseme aliandika "pisi 12" kwenye ujumbe, akasema 20 kwenye simu, nawe ukatuma 12.

Omba radhi kwa sehemu yako tu, kwa ukamilifu, na usiiguse ya kwake kabisa:

> Dada, ulinitajia 20 kwenye simu na ujumbe ulisema 12. Niliona tofauti hiyo, nikafunga 12 bila kukuuliza. Nilitakiwa kupiga simu, naomba radhi. Nane zilizobaki ninazo, zinaweza kupanda basi la leo jioni. Nauli nalipa mimi, bei ya pisi ni ileile.

Hukusema kwamba alikosea, wala hukudanganya kwamba hakukosea. Maandishi yametajwa kama yalivyo, na pesa za vitenge nane atalipa kwa kuwa hajazilipia. Wengi wakisomewa hivi husema wenyewe, "Hata mimi niliandika vibaya."

Na ukikagua ukakuta huna kosa hata kidogo, usiombe radhi ya uongo ili yaishe. Mweleze ulichokikuta na ushahidi wake, mwambie unachoweza kumsaidia hata hivyo, na neno *pole* linatosha.